Taarifa ya Robo Mwaka, Aprili–Juni 2025: Mradi wa Vichujio vya Maji, Arumeru

Usa River, Arusha
11 Julai 2025

Ndugu Mwenyekiti na wanachama wa mfuko wa wazaliwa wa Arumeru mlioko Dar es Salaam,

Salamu kutoka nyumbani. Masika imekwisha, mahindi yanakauka shambani na Meru imeanza kuonekana tena asubuhi.

Nianze na lisilopendeza. Tuliwaahidi vichujio 120 vya majumbani katika robo hii. Tumekabidhi 71. Kati ya hivyo, 26 vina mkaa mbovu, na familia zilizovipokea zimekunywa maji yasiyo salama kwa muda wa kati ya wiki tatu na tano huku zikiamini ni salama. Kosa hilo ni letu. Tulisimamisha ugawaji tarehe 9 Juni na hatujaurudia.

Ilivyotokea ni hivi. Mkaa wa mifupa, ambao ndio unaonasa floraidi inayoharibu meno na mifupa yetu, unataka moto wa kutosha na unaotulia. Moto ukiwa mdogo, mafuta na nyama hubaki ndani ya mfupa, mkaa unatoka mweusi wenye harufu, na maji yakipita hapo huchukua harufu hiyo. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe kama chokaa na nguvu ya kunasa floraidi inapungua. Mwezi Aprili mvua ilinyesha mfululizo, kuni zikalowana, na tanuri letu halina paa zuri. Matanuri mawili ya mwezi huo hayakuiva. Fundi wetu aliliona hilo na alisema. Mimi ndiye niliyemwambia tuendelee, kwa sababu tulikuwa nyuma ya idadi tuliyowaandikia na niliogopa kuandika namba ndogo kwenye taarifa hii. Naomba mlijue hilo kutoka kwangu.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa upande wa Ngarenanyuki. Alikuja na ndoo yake kichwani mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaiweka chini na kusema, "Haya maji yananuka supu iliyolala. Watoto wangu siwapi." Majirani zake watatu walikuwa na harufu hiyohiyo ila walinyamaza, maana kitu cha msaada, walisema, hakirudishwi. Neno hilo limenikaa moyoni. Kuanzia sasa kila ndoo tutakayokabidhi itakuwa na namba ya simu ya fundi iliyoandikwa kwa rangi ubavuni, na tutawaambia wazi kwamba kulalamika ni haki yao.

Tulipeleka sampuli maabara. Majibu yalichukua wiki tano, na katika muda huo tulikuwa kama vipofu. Maji ya chanzo kwenye vitongoji vyetu yalikuwa kati ya miligramu 5.8 na 9.4 za floraidi kwa lita. Vichujio vyenye mkaa mzuri viliyashusha hadi kati ya 0.4 na 1.2, chini ya 1.5 inayoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Vile 26 vilitoa kati ya 2.9 na 4.1. Kwa mtu mzima aliyezaliwa hapa mtasema ni nafuu. Kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi sasa hivi, bado ni mengi mno. Ninyi wenyewe mnayajua meno ya kwetu, na mnawakumbuka wenzetu wenye matege tuliosoma nao.

Vichujio vyote 26 tumevirudisha. Familia hizo tumezigawia maji ya kunywa na kupikia kutoka kwa majirani wenye vichujio vizima, lita 20 kwa nyumba kwa siku, na majirani wamekubali bila malipo. Mpango huu hauwezi kudumu, kwa sababu kichujio kinachotumiwa na nyumba mbili kinachoka mapema.

Kwa upande wa shule tatu: ya kwanza tangi linafanya kazi na watoto wanakunywa. Ya pili koki inavuja, fundi anarudi wiki ijayo. Ya tatu hatujafika kabisa. Barabara ilikatika mwezi Mei na pikapu iligeuzwa njiani mara mbili. Ndiyo sababu usafiri umezidi bajeti.

Kuna jambo moja limekwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Mlituuliza kama watu watakubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Wazee na sheikh wa mtaa waliomba kujua mifupa inatoka wapi, tukawapeleka machinjioni wakajionea wenyewe kwamba ni ya ng'ombe tu, aliyechinjwa kihalali. Tangu hapo swali hilo limekwisha. Kinachobaki kigumu ni imani kwamba kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufurianini, floraidi yenyewe hubaki palepale. Na magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza nyingine juu yake. Akina mama wanasikiliza zaidi hili la magadi linaposemwa na mama mwenzao jikoni, si na mimi mkutanoni.

Fedha. Tulipokea shilingi 18,600,000, tumetumia 13,940,000. Ndoo, koki na changarawe 5,180,000, mifupa, kuni na tanuri 3,420,000, usafiri 2,260,000, wakati tulipanga 1,500,000, mafunzo na posho za mafundi 1,840,000, upimaji 1,240,000. Bakaa ni 4,660,000, na nakala za risiti zote nimeziambatanisha.

Katika bakaa hiyo, 1,400,000 zilitengwa kwa mabango na matangazo ya redio. Tunaomba ridhaa yenu tuzitumie kununua kipimo cha floraidi cha mkononi. Tungekuwa nacho mwezi Mei, tusingekabidhi hata kichujio kimoja kibovu. Kubadilisha mkaa wa vichujio 26 kutagharimu 624,000. Zitakazobaki ni 2,636,000, na kwa kuwa kichujio kipya kinatugharimu 97,000, zinatosha 27. Maana yake tutafikia 98, si 120. Hatuombi nyongeza kwa ajili ya vile 22 vilivyobaki. Tunaomba tuvihamishie kwenye awamu ijayo, ikiwa mtaona tunastahili awamu hiyo.

Tanuri tunaliezeka upya kabla ya mwisho wa Julai kwa mabati yaliyochangwa na wanakamati. Kuni zitakaushwa chini ya paa, na hakuna mkaa utakaotoka hadi fundi atie sahihi. Mimi sina tena mamlaka ya kumpinga. Mkaa mpya ukipimwa na kufaulu, nyumba zile 26 zitahudumiwa kwanza, kabla ya familia yoyote mpya. Shule ya tatu tutaifikia Agosti, barabara ikiwa kavu. Kuanzia taarifa ijayo, kichujio tutakihesabu pale tu maji yake yatakapokuwa yamepimwa. Namba zetu zitakuwa ndogo kuliko mlivyozoea.

Tunaomba jibu kuhusu kipimo kabla ya tarehe 25 Julai ili tuagize mapema. Kama kuna mwanachama atakayekuja nyumbani kabla ya hapo, apite Usa River. Nitampeleka kwa yule mama wa Ngarenanyuki, ambaye amekubali kuwa wa kwanza kuonja maji ya tanuri jipya kila tunapochoma.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa mradi, kwa niaba ya kamati