Barua kwa daktari kabla ya kliniki: tumbo langu tangu tarehe 3 Agosti

Kirumba, Mwanza
Jumanne, 2 Septemba 2025

Kwako Daktari,
Kliniki ya Alhamisi.

YAH: MAUMIVU YA TUMBO, 3 AGOSTI HADI LEO

Salaam, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 44, nauza dagaa hapa Mwaloni, na keshokutwa nina miadi ya kukuona. Nimeandika kwa sababu najijua. Nikikaa mbele ya daktari ulimi unakuwa mzito, nasema "tumbo linauma" basi, halafu nikishapanda daladala ndipo mengine yote yananijia. Mwezi uliopita ilinitokea hivyo kwenye zahanati moja nikatoka na dawa za taifodi. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la biashara: kurasa za mbele ni madeni ya watu, kurasa za nyuma ni tumbo, siku kwa siku.

Naanza na lililonitisha kuliko yote, usije ukalikuta mwishoni. Tarehe 19 na 20 Agosti, Jumanne na Jumatano, nilipata choo cheusi. Siyo rangi ya kahawia iliyokolea. Ni cheusi kama lami, kinanata. Nilimwaga maji ndoo nzima na bado kilibaki kwenye sinki. Harufu yake ilikuwa nyingine kabisa, hata mimi ninayeshinda kwenye dagaa niliishangaa. Jumanne mara mbili, Jumatano mara moja. Sikuwa natumia vidonge vya kuongeza damu, wala sikula chochote cheusi. Jumatano hiyo asubuhi nilipoinama kufunga gunia, macho yaliingia giza nikashikilia rundo la magunia mpaka likapita. Sikuzimia. Sijatapika damu hata siku moja. Tangu tarehe 21 choo kimerudi rangi ya kawaida, nakiangalia kila siku. Najua nilipaswa kuja siku ileile. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zilikuwa zimeingia, mitumbwi inarudi imejaa dagaa, na mtaji wangu wote ulikuwa mchangani unaanikwa. Hiyo ndiyo sababu, siyo nzuri.

Sasa maumivu yenyewe. Yalianza Jumapili tarehe 3 Agosti usiku. Yako hapa kwenye chembe ya moyo, chini kidogo ya mfupa wa kifua, katikati. Naweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Yanachoma, kama mtu amebandika kaa la moto kwa ndani. Siku mbaya huwa yanapenya hadi mgongoni. Hayashuki chini ya kitovu, hayaendi kulia wala kushoto. Nikiyapima kwa 10, siku nyingi ni 5, na usiku wa tarehe 16 na 18 yalifika 8.

Saa zake zinajulikana. Saa 8 au saa 9 usiku yananiamsha. Nimehesabu kwenye daftari, katika usiku 30 nimeamshwa usiku 17. Tena saa 5 asubuhi, kama sijapata kitu tumboni tangu alfajiri. Nikinywa uji au nikitafuna kipande cha kiazi yanatulia kama robo saa hivi, nalala. Baada ya saa mbili au tatu yamerudi. Kwa hiyo, Daktari, mimi chakula kinanipa nafuu. Jirani yangu naye ana tumbo, ila lake linauma akishakula. Ndiyo maana nimeona nikuandikie hili waziwazi.

Kiungulia kipo karibu kila siku, zaidi nikilala chali. Nacheua maji machungu. Kichefuchefu kipo asubuhi, na nimetapika mara tatu tu mwezi mzima (tarehe 7, 16 na 18), chakula na maji ya njano. Kumeza hakunipi shida. Homa sijapata. Macho hayajawa ya njano, mkojo ni wa kawaida. Siku zangu nilizipata tarehe 15 Agosti, hazikuzidi kawaida.

Uzito nao umeshuka. Nimejipima kwenye mzani wetu wa magunia, uleule, nikiwa na gauni lilelile: tarehe 4 Agosti kilo 71, jana kilo 67. Vijana wa pale walicheka wakaniuliza nauzwa bei gani. Hamu ya kula ninayo, ila naogopa.

Kuna jambo sijui kama linahusiana, wewe utaliamua. Tarehe 10 Agosti nilienda msibani Kayenze, nikala pale na kunywa maji yaliyochotwa ziwani, sikuuliza kama yalichemshwa. Kesho yake tumbo la kuendesha lilinishika, mara tano au sita kwa siku, choo cha majimaji, na tumbo la chini likikata. Damu au ute sikuona. Lilikoma tarehe 14. Hilo la kukata halikufanana kabisa na lile la kuchoma. Ni kama matumbo mawili tofauti. Ndilo lililonipeleka zahanati tarehe 12, na ndilo walilotibu. Walinitoa damu kidoleni, wakasema taifodi imepanda. Choo hakikupimwa. Habari za kuchoma usiku sikuzisema, maana tayari karatasi ya dawa ilikuwa mkononi mwangu.

Dawa nilizomeza ni hizi, na makaratasi yake matupu nitakuja nayo kwenye mfuko wa nailoni. Siprofloksasini ya miligramu 500, moja asubuhi na moja jioni, tarehe 12 hadi 18; nilimaliza dozi. Flajili nilijinunulia mwenyewe tarehe 11, nikameza siku mbili nikaacha. Dawa nyeupe ya tumbo ya kutafuna, mara kwa mara, inatuliza kwa nusu saa. Omeprazo ya miligramu 20, moja kila asubuhi kabla ya kula, tarehe 21 hadi 27. Hiyo ilinisaidia sana: katika siku hizo saba niliamshwa usiku mmoja tu. Nimeiacha tangu tarehe 28, kwa sababu dada wa duka la dawa aliniambia inaweza kukificha kipimo cha vijidudu vya vidonda vya tumbo, na kwamba inatakiwa iachwe wiki 2 kabla ya kupima. Mpaka Alhamisi nitakuwa na wiki 1 tu. Na hizo siprofloksasini alisema nazo zinavuruga, hata zaidi. Kama nimekosea kuiacha, niambie. Tangu niiache, usiku wa kuamshwa umerudi.

Pia mama mkwe alinichemshia mwarobaini na mizizi fulani kutoka kwao Magu, nikanywa kikombe kimoja kwa siku tatu, tarehe 5 hadi 7. Jina la mizizi hiyo hakunitajia. Nimekiweka kipande kimoja, nitakuja nacho ukitaka kukiona.

Hapa sasa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu mwezi wa tano natumia dawa ya mgongo, diklofenaki ya miligramu 50. Kazi yetu ni kubeba ndoo na kuinama kuanika, na mgongo wangu ulishakataa. Nilianza na kimoja siku za kazi nyingi, baadaye viwili, na wiki za giza vilifika vitatu kwa siku. Nilikuwa navimeza saa 10 alfajiri, tumbo tupu, kwa chai ya rangi, kabla ya kwenda kupokea mitumbwi. Sikuviona kama dawa, niliviona kama chumvi. Ni huyohuyo dada wa duka la dawa aliyeniuliza, "Mama, na maumivu ya mgongo unatumia nini?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Nimeacha tangu tarehe 22 Agosti. Mgongo unauma, natumia parasetamo, haitoshi. Ukiniandikia dawa ya tumbo nitashukuru, lakini nisaidie na ya mgongo isiyonichimba, la sivyo giza lijalo nitashawishika tena.

Kuhusu chakula: asubuhi chai ya rangi na tangawizi, mchana ugali wa muhogo na dagaa au mlenda, usiku mara nyingi michembe na maharage. Maharage yananijaza gesi, lakini hayaamshi kule kuchoma. Pilipili inaamsha palepale. Maziwa ya mgando yanatuliza kidogo. Sivuti sigara. Pombe sinywi.

Mengine kwa haraka. Nimezaliwa Ukerewe, nimeoga na kufua ziwani tangu utotoni, na hadi leo nasimama majini kufikia magoti kupokea ndoo. Watoto wangu walimezeshwa dawa ya kichocho shuleni. Mimi sikumbuki kumeza hata mara moja, wala kupimwa. Dawa zenye salfa zinanidhuru: mwaka 2014 nilivimba midomo na kutoka upele mwili mzima. Nilijifungua kwa upasuaji mara moja, mapacha, mwaka 2008. Presha na sukari vilipimwa mwezi wa tatu, wakasema viko sawa. Baba yangu alifariki mwaka 2009, alitapika damu siku mbili. Hatukuambiwa ni nini. Tangu nione kile choo, namwota.

Maswali yangu ni matatu. Je, hivi ni vidonda vya tumbo, na kama ndivyo, vimeletwa na zile dawa za mgongo au na vijidudu, au vyote? Je, nahitaji kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera, na kama ndiyo, nijiandae na shilingi ngapi? Bima sina, nalipa taslimu, na ni heri nijue mapema nikadai wadeni wangu. Na je, kile choo cheusi kimenipunguzia damu kiasi gani? Ningeomba damu ipimwe wingi wake hata kama mengine yatasubiri. Kikirudi kabla ya Alhamisi sitangoja miadi, nitakuja mapokezi ya dharura muda uleule, hata ikiwa usiku.

Nitakuja na mdogo wangu wa kike. Mbele yake sema chochote. Mume wangu anajua tumbo linauma. La choo cheusi na la vidonge vya mgongo bado, nipe nafasi nimweleze mwenyewe.

Alhamisi ni mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haitoki, kwa hiyo naweza kukaa hospitali siku nzima kama vipimo vitahitaji. Nitakuwa sijala tangu saa 4 usiku, endapo mtataka kupima nikiwa na njaa. Kama hakuna haja, mwambie muuguzi aniarifu mapema, uji nitakuwa nao kwenye chupa.

Wako,
Mama Kulwa
Mwaloni, Kirumba