Prompti ya mokapu: boksi na tyubu ya krimu ya mwani, picha ya uzinduzi

Tengeneza picha ya mokapu inayoonekana imepigwa studio kwa kamera, boksi moja na tyubu moja ya krimu ya mikono ya mwani na karafuu kutoka Zanzibar, ni ya uzinduzi na itapostiwa Insta kwa hiyo iwe ya wima, 1080 x 1350.

Tyubu ndo iangaliwe kwanza. Ni ya ml 50, plastiki laini isiyong'aa, imesimama kwa kifuniko chake na ule mwisho uliobanwa uko juu, na hapo juu pabanwe kweli, mstari ulionyooka wenye vile vimistari vidogo vidogo vya mashine, maana picha nyingi zinaharibikia hapo hapo, juu panakuwa duara mtu anadhani ni chupa ya shampuu. Rangi nyeupe ya maziwa, kifuniko kahawia iliyoiva kama karafuu iliyokauka juani.

Boksi lisimame nyuma kidogo upande wa kulia, limegeuzwa ili mbele na ubavu vyote vionekane, na liizidi tyubu urefu kidogo tu, yaani mtu akiangalia aamini tyubu inaingia humo bila kulazimishwa. Karatasi ngumu isiyong'aa, kona kali, kijani mpauko #DCE8DC. Chini lizungukwe na pindo kama la kanga, ila badala ya maua chora kamba iliyofungwa kwenye vigingi na mafungu ya mwani yananing'inia, vile vile shamba linavyokuwa Paje na Jambiani maji yakitoka. Pindo hili naomba lisirukwe, wanaoulima ni wakina mama na nataka wakilishika boksi waone kazi yao.

Maandishi kwenye boksi na tyubu yafanane herufi kwa herufi: "Mwani na Karafuu", chini yake kwa fonti ndogo "Krimu ya mikono", halafu "ml 50". Basi, usiongeze neno lingine, na usiweke alama ya TBS wala barkodi ya kubuni, hiyo ni kumdanganya mteja.

Bakgraundi pichi mpauko #F8DDD0, ukuta na meza rangi moja bila mstari wa kuvikata. Mwanga laini wa asubuhi kutoka kushoto, shedo iangukie kulia, ndefu kiasi na kingo zake zififie. Mbele ya tyubu weka karafuu tano sita na krimu iliyopakwa kidogo mezani, nzito, ionekane njia ya kidole. Maua, matone ya maji na mikono ya watu hapana.

Theluthi ya juu iachwe tupu kabisa, tutaandika wenyewe tarehe ya uzinduzi.

Nipe vasheni tatu zinazotofautiana shedo tu, vitu visihame.