Daftari la Bibi

Daftari la Bibi linafunguliwa kwa nyuma. Mistari yake inaanzia kulia, kwa khati za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni hapa Konde, lakini maneno ni Kiswahili kitupu. Mama alipoondoka kwenda Maskati kumfuata baba, alimwachia mfuko wa dawa za Suleiman na maagizo mengi ya mdomo. Bibi akasikiliza yote, kisha akanituma dukani nikanunue daftari.

Suleiman ana miaka minne na ana selimundu. Foliki mara moja kwa siku, penisilini asubuhi na jioni. Bibi amezifunga dawa hizo na sala: akishatoa salamu ya Alfajiri, anampa, akishatoa ya Magharibi, anampa. Ndipo anaandika, na siku anazihesabu kwa mwezi mwandamo: mwezi 4 kwake ni siku ya nne ya mwezi huo. "Mfungo Saba, mwezi 4. Alfajiri kanywa zote mbili. Macho yana umanjano kidogo. Kacheza." Hilo neno *kacheza* limo karibu kila ukurasa, na siku ambayo halimo najua ilikuwaje.

Kila Ijumaa mimi hupiga picha kurasa za wiki na kumpelekea mama. Mama anasoma khati hizo vizuri. Bibi ndiye aliyemfundisha.

Usiku wa mwezi 9 tulikuwa tumeanua karafuu kwa sababu ya wingu. Suleiman alikuwa amelala juu ya magunia, nikamgusa, mwili moto. Bibi akampa panadoli ya maji, akaniuliza saa, akaandika: saa 3 na robo usiku. Lakini homa haikushuka, na mtoto akaanza kulia miguu. Bibi akajitanda kanga, akaenda kumgongea jirani mwenye vespa. Tukapandana wote, Suleiman katikati, daftari kwapani kwa Bibi.

Hospitali, nesi alishamimina panadoli kwenye kijiko. Ilikuwa saa 6 kasorobo.

"Ngoja mwanangu," Bibi akasema. "Keshapewa hiyo."

Daktari, kijana wa makamo ya mjomba wangu mdogo, akalichukua daftari, akaligeuza huku na huku.

"Bibi, Kiarabu sikijui."

"Kiswahili hicho. Maryam, msomee."

Nikasoma. Nilianza na ya usiku ule, nesi akaweka kijiko chini. Daktari akataka siku za nyuma. Nikarudisha kurasa kimyakimya bila kusoma, mwezi 8, mwezi 7. Nilipoanzia mwezi 6 sauti ikanikwama. Nilizipiga picha kurasa zile bila kuzisoma, maana Ijumaa ile nilikuwa na haraka ya kwenda kuchuma.

"Soma kama kilivyoandikwa," Bibi akasema. Alikuwa anamtazama Suleiman, siyo mimi.

"Mwezi 6. Penisilini imekwisha. Pesa ya karafuu haijatoka. Sikumpa." Nikafungua. "Mwezi 7. Sikumpa." Nikafungua tena. "Mwezi 8. Sikumpa. Mama yake sikumwambia, yuko mbali na hana la kufanya usiku huu. Kosa langu."

Nilidhani daktari atafoka. Aliandika siku zile tatu kwenye faili, akamtoboa mtoto kidole kwa ajili ya malaria, akachukua damu nyingine ya vipimo, akamtundikia dripu na kumchoma sindano bila kungoja majibu. Halafu akachutama mbele ya Bibi.

"Wengu la mtoto kama huyu halimlindi, Bibi. Homa kwake haisubiri kuche. Umefanya vizuri kumleta. Na dawa ikibaki ya wiki moja, usingoje iishe, njoo."

"Inshaallah. Andika, Maryam: ikibaki ya wiki moja."

Nikaandika palepale kwenye benchi, kwa khati yangu mbovu.

Siku ya tatu homa iliondoka. Picha za Ijumaa zilikuwa bado hazijafunguliwa. Mama alikuwa zamu. Alizifungua nasi tukiwa bado wodini, akapiga, nikaweka spika. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea Bibi.

Mama hakusema lolote juu ya zile siku tatu. Alilia kidogo, tukamsikia. Kisha akasema: "Mama, herufi zako zimekuwa kubwa. Tangu Maulidi zinatoka nje ya mstari. Macho vipi?"

Bibi akanyamaza.

"Na vidonge vyako vya presha, mama, mbona sivioni daftarini? Au navyo vimekwisha?"

"Yangu si ya kuandika."

"Maryam," mama akasema, "fungua ukurasa mpya."

Nikafungua. Bibi akaninyang'anya kalamu, akainamia daftari mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika jina lake mwenyewe. Chini yake akaandika: *Sikunywa*. Akahesabu kwa vidole, akaongeza: *siku 11*.

Kisha akanirudishia kalamu, akainuka kwenda kumtafuta yule daktari.