Ujumbe wa kumuaga Sista Mwanahamisi, wodi ya wazazi

Pangani

Sista Mwanahamisi, shikamoo.

Tunakuandikia sisi wa wodi ya wazazi, wa zamu zote tatu, pamoja na wahudumu, dereva wa gari la wagonjwa, na yule kijana wa maabara. Yeye ameomba mwenyewe aingizwe humu, kwa sababu anasema miaka yote hiyo hujawahi kumgombeza kwenye simu. Hilo limetushangaza kidogo sisi wa leba, lakini tumempa nafasi yake.

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ujumbe huu usisomeke kama tanzia. Umetimiza miaka 60 na utumishi wa umma una taratibu zake, basi. Mzima wa afya, macho bado makali kuliko ya baadhi yetu, na kutoka hapa mpaka kwako Bweni ni kuvuka mto tu. Kwa hiyo hatulii. Mama Asha wa zamu ya usiku ameshalia, lakini huyo unamjua.

Tunachotaka ujue ni jinsi tunavyofanya kazi sasa hivi, hata siku ambazo haupo. Mtu akiingia zamu, kabla hajavua mkoba begani, anafungua friji ya dawa na kutazama kipimajoto. Hakuna bango ukutani linalomwagiza. Ni wewe. Tulikuona asubuhi baada ya asubuhi ukiinama pale, miwani imeshuka puani, ukihakikisha oksitosini iko kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika unazihamisha ampuli kwenye kasha la chanjo bila kumsubiri mtu. Ulikuwa unatuambia kwamba sindano iliyolala kwenye joto unaweza kumchoma mama, ukahesabu umemkinga, na damu ikaendelea kutoka. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mazoezi wanadhani ni utaratibu wa hospitali. Tumewaacha wadhani hivyo.

Na patografu. Ee Sista, patografu! Ulikuwa na macho ya kuitambua iliyojazwa mwishoni, mtu amekaa chini na kalamu moja, nukta zote zimenyooka kama zimepigwa rula. Hukupiga kelele. Uliiweka mezani, ukauliza kwa upole wa kutisha: "Huyu mama saa saba usiku mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa mangapi, na nani aliyasikiliza?" Kimya chote kilichofuata tunakikumbuka. Lakini tunawakumbuka vilevile akina mama ambao mstari wao ulipogusa ule wa tahadhari, wewe ulikuwa umeshampigia dereva, umeshawapigia Bombo wajiandae, na umeshamshika ndugu wa mgonjwa mkono ukimweleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini safari ya Tanga haiwezi kungoja kupambazuke.

Dereva ametuomba tusisahau usiku wa masika, ule wa mama kutoka Ushongo. Tunausimulia kama alivyotusimulia yeye, maana ndiye aliyekuwepo. Pantoni ilikuwa imeshafunga. Bodaboda waliomleta mama hadi ukingoni Bweni walikuja kukugongea mlango, nawe ukatoka na kanga zako mbili, mkavuka kwa boti ndogo huku mvua inanyesha. Gari lilikuwa linawasubiri ng'ambo, na mtoto hakutaka kungoja liondoke. Akazaliwa humo humo, ametulia mno, hakulia. Dereva anasema alikushikia tochi, na mkono wake ndio uliokuwa unatetemeka, siyo wako. Ukamkausha kwa kanga moja, ukamsugua mgongo, ukaiweka ya pili iliyo kavu, ukachukua ambu. Kifua kikapanda mara ya kwanza, ya pili, halafu ile sauti. Na kabla ya kumpongeza mama ukageuka ukamwuliza dereva: "Saa ngapi?" Hakuwa na karatasi, akaandika kiganjani, saa nane na dakika ishirini, ndivyo ilivyoingia kwenye kitabu cha MTUHA. Mtoto huyo yuko shule ya msingi. Mama yake akija kliniki hukuulizia wewe kwanza, na tumeshamwambia pa kukupata.

Kuna la ukali, na tusipolisema utajua tumeandika unafiki. Ulikuwa mkali. Waliochelewa zamu wanajua, waliokuja na simu sikioni wanajua. Wapo waliohesabu siku za mwezi wao wa kwanza hapa kama mtu anavyohesabu kwaresima. Ila hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kusikia ukimfokea mama aliye kwenye uchungu. Hata yule anayepiga mateke, hata anayetukana. Ulimwita kwa jina lake, ukamwuliza kama amekunywa chai, ukamsugua kiuno. Ukali wako ulikuwa wetu sisi wenye mishahara. Tulipoelewa hivyo tuliacha kununa, na wengine tumeanza kuwa wakali kwa namna hiyo hiyo, jambo ambalo wageni wetu wapya hawajatushukuru bado.

Sasa mambo ya kwenu. Tumesikia kwamba shamba la Bweni minazi yake imeanza kudondosha bila mwenyewe kuwepo, na kwamba Mzee Rajabu amesema mke wake amerudishiwa. Mwambie tunamshukuru kwa kukuazima, na kwa vile alivyokaa macho siku za zamu ya usiku mpaka asikie boti imefika. Habari za mafao hatuulizi, hayo ni ya kwako na ya PSSSF, ila ukihitaji mtu wa kukusindikiza Tanga kufuatilia makaratasi, kijana wa maabara amejitolea. Amesema tuiandike hapa ili asigeuke.

Tumekununulia cherehani. Tunajua mashine ya nyumbani ilikuwa inakula uzi, na tunajua pia ni nani aliyekuwa anashona zile kofia ndogo za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, zinazokaa kwenye droo ya chini kule chumba cha kangaruu. Hukuwahi kuziandika popote wala kudai hela ya kitambaa. Tafadhali usiichukulie zawadi hii kama agizo la kofia nyingine. Jishonee magauni. (Kofia zilizobaki ni chache, tunataja tu.)

Tunakuahidi hatutakupigia simu usiku. Tumeapa mbele ya matroni. Mchana, mtu akikwama, atakupigia baada ya kuwa amesoma mwongozo kwanza, kwa sababu tunajua swali lako la kwanza litakuwa ni hilo.

Asante, Sista. Asante kwa mikono, kwa subira, kwa kutufundisha bila kutudhalilisha mbele ya wagonjwa, na kwa kutuachia wodi ambayo tunaweza kuwaleta dada zetu wajifungulie bila hofu. Wawili wetu wamejifungulia hapa hapa, mikononi mwako, na ndio sababu kuna Mwanahamisi wadogo wawili mtaani.

Jumamosi saa saba mchana tunakusubiri ukumbi wa hospitali. Njoo na Mzee Rajabu na wajukuu. Pilau ipo, samaki wa kupaka yupo, na kijana wa boda atakuwa pantoni kuanzia saa sita na nusu kuwachukua. Cherehani tutakuletea wenyewe Bweni jioni, usijisumbue kuibeba.

Wako watiifu, na wengine watiifu kidogo,
Wafanyakazi wote wa wodi ya wazazi