Skripti ya Video: Tunafungua na Kupima Pawabenki ya 20,000 mAh, Wati 65 (Video ya Udhamini)

Kwa mtangazaji na mhariri: Mdhamini ameshaona tarakimu zetu na kujibu hoja tatu; majibu yake yamo humu ndani. Hukumu ya mwisho hajaiona, na ndivyo mkataba ulivyo. Sehemu za kasoro zisomwe kama zilivyoandikwa, kila moja ina kipimo, sababu na namna ya kuikwepa. Usichomeke "mbovu" wala "takataka" kwa kunogesha. Neno hilo halimsaidii mtazamaji, na aliyetengeneza bidhaa hana la kurekebisha akilisikia. Vilevile usitaje kampuni pinzani.

00:00
PICHA: Boksi lililofungwa mezani. Hakuna muziki.
MAANDISHI (sekunde 10 za kwanza): "Video hii imedhaminiwa na watengenezaji wa bidhaa."

MTANGAZAJI: Karibuni. Pawabenki hii tumepewa na walioitengeneza, na wamelipia video hii. Wamekagua namba zetu wasije wakasingiziwa. Maoni hawajayagusa. Mwisho wa video utajua inamfaa nani, na nani asiinunue.

00:25
PICHA: Kamera ya juu. Kisu kinakata utepe. Usikate picha mpaka kila kitu kiwe mezani.

MTANGAZAJI: Ndani kuna pawabenki yenyewe, mfuko wa kitambaa, waya wa USB-C wa sentimita 30, na kijitabu. Chaja ya ukutani hakuna. Kaa ukilijua hilo, kwa sababu pawabenki inapokea hadi wati 30, na ukitumia chaja ya simu ya wati 10 utaiacha ukutani usiku kucha. Kwa chaja ya wati 30 ilijaa kwa saa 3 na dakika 10.

Ina uzito wa gramu 440. Mfukoni mwa suruali utauhisi, kwenye begi hutaukumbuka. Matundu ni matatu: mawili ya USB-C na moja la USB-A. Skrini inaonyesha asilimia moja moja, si vitaa vinne vya kubahatisha, na hili ndilo tulilolipenda mapema kuliko yote.

01:30
PICHA: Karibu kabisa, mbele ya boksi: "Inachaji simu mara 4". Kisha geuza, onyesha maandishi madogo nyuma: "12,000 mAh kwa volti 5".

MTANGAZAJI: Hapa tusimame kidogo. Mbele imeandikwa mara 4, kwa hesabu ya 20,000 kugawanya kwa simu ya 5,000. Hesabu hiyo haisimami. Zile 20,000 ni za seli za ndani, zenye volti 3.7, ambazo ni wati-saa 74. Umeme ukipandishwa kwenda volti 5 au zaidi, sehemu yake inapotea kama joto, na simu nayo inapoteza wakati wa kupokea.

MAANDISHI: 20 × 3.7 = wati-saa 74. Zilizotoka kwenye kipimo: 62.

MTANGAZAJI: Mita yetu ilihesabu wati-saa 62 zilizotoka, sawa na 12,400 kwa volti 5. Maana yake ni kwamba maandishi madogo ya nyuma ni ya kweli, tena yamepitwa kidogo. Ya mbele ndiyo yanayokuza. Simu ya 5,000 itegemee kujaa mara mbili na nusu, ikizidi sana mara tatu. Tuliwaeleza watengenezaji, wakajibu kwamba maandishi ya mbele watayabadilisha kwenye toleo lijalo la boksi. Kwa kompyuta mpakato yenye betri ya wati-saa 50, inajaza mara moja, na kinachobaki kinaiongezea simu kidogo tu.

Ukisafiri kwa ndege, wati-saa 74 ziko chini ya kikomo cha kawaida cha 100. Ibebe mkononi; kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege hairuhusiwi.

03:00
PICHA: Mita kati ya pawabenki na kompyuta. Namba zionekane bila kukatwa kwa sekunde 8.

MTANGAZAJI: Sasa zile wati 65. Kwa waya uliomo kwenye boksi, mita inasoma 58. Pawabenki haina kosa. Waya huu ni wa ampia 3, na ampia 3 kwa volti 20 ni wati 60, haupiti hapo. Wati 65 zinahitaji ampia 3.25, hivyo unatakiwa waya wa ampia 5 wenye chipu ya utambulisho ndani yake. Tulipoweka waya huo, mita ikapanda hadi 64. Kwa simu, huu wa boksini unatosha kabisa. Ila bidhaa inayouzwa kwa jina la wati 65 ingekuja na waya unaozifikisha, na hilo tumewaambia.

03:50
PICHA: Kamera ya joto, saa pembeni.

MTANGAZAJI: Dakika ya 22, kwa mzigo kamili, ganda limefika nyuzi 48 na nguvu imeshuka hadi wati 45. Mhandisi wao anasema wamekusudia hivyo, na tunakubaliana naye: seli za lithiamu zikichemka zinazeeka haraka, kwa hiyo kupunguza nguvu ni kinga. Kwa kazi za kuandika na kuvinjari, wati 45 zinaendelea kujaza kompyuta. Kwa kuhariri video, betri ya kompyuta inaweza kuanza kushuka ingawa imechomekwa. Usiichaji ikiwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Joto halitakuwa na pa kutokea.

Ukichomeka vifaa viwili, inagawa 45 na 18. Wakati wa kugawa inakata umeme kwa sekunde mbili hivi. Simu haijali, lakini diski ya nje inayotegemea umeme huo inaweza kukatika katikati ya kunakili mafaili. Chomeka vyote kwanza, kisha anza kunakili.

05:05
PICHA: Visikizi vidogo vya masikioni kwenye kikasha chao. Kidole kinabonyeza kitufe mara mbili, taa ya kijani inawaka.

MTANGAZAJI: Ukichaji kifaa kidogo kama hiki, pawabenki inajizima kabla hakijajaa, ikidhani hakuna kilichochomekwa, maana kinavuta umeme kidogo mno. Bonyeza kitufe mara mbili, taa ya kijani iwake, nayo itakaa macho saa 2. Kijitabu kinalisema ukurasa wa 9, ambako wachache watafika. Watengenezaji wameahidi kulihamishia ukurasa wa kwanza.

05:40
PICHA: Mtangazaji uso kwa uso, pawabenki mkononi.

MTANGAZAJI: Inunue kama unabeba kompyuta ya kazi za ofisini na simu, unataka kifaa kimoja kwa vyote viwili, na asilimia zinazoaminika. Skrini yake haikutudanganya: iliposema 20, kweli ilibaki na karibu nusu ya chaji ya simu. Usiinunue kama kompyuta yako inakula zaidi ya wati 45 mfululizo, au kama unataka kitu cha mfukoni. Kwa simu peke yake, ya 10,000 itakutosha na utabeba nusu ya uzito.

06:20
MTANGAZAJI: Kiungo kiko chini ya video. Ni cha mdhamini, na ukinunua kupitia hapo tunapata kamisheni. Jedwali la vipimo vyote tumeliweka hapo hapo, pamoja na aina ya waya na chaja tulizotumia. Ukipima yako ukapata namba tofauti, iandike kwenye maoni pamoja na waya uliotumia.

MHARIRI: Kadi ya mwisho sekunde 8. Neno "udhamini" libaki kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, juu ya kiungo. Kasoro zisiwekwe kwenye picha ya jalada. Jalada lionyeshe mita ikisoma 64, na waya wa ampia 5 uonekane.