Sala kwa Ganesha kabla ya kufungua duka la vitambaa, Mombasa

Om Gam Ganapataye Namaha.

Ewe Ganesha, mwana wa Shiva na Parvati, mwenye pembe moja iliyovunjika, unayeombwa kabla ya miungu wengine wote, tumekuwashia taa ya samli kabla hatujauza hata mita moja.

Pokea vijiti 21 vya nyasi ya durva, ua jekundu, na modaka za unga wa mchele zilizojazwa nazi na sukari guru.

Mzigo usikwame bandarini. Mkopo usitulemee. Mteja wa kwanza aondoke ameridhika. Lakini anza na vizuizi vilivyo ndani yetu: pupa, kupunja kipimo, kauli kali kwa wafanyakazi. Wewe huondoa vizuizi, na wewe huviweka. Biashara isiyo ya haki tukiikimbilia, tuzibie njia.

Jina lako tumeliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu. Kila tarakimu chini yake iwe ya kweli.

Ewe mwenye mkonga uliopinda na mwili mkubwa, ung'aaye kama majua milioni kumi, ziondolee kazi zetu zote vizuizi, daima.