Hati ya Shamba la Bi Zuhura

"Wapimaji wanakuja Jumatatu, mjukuu wangu. Marehemu kaniachia karatasi hii tu."

Salma, mfasiri wa hati, aliitandaza mezani. Kiarabu cha mkono. Mkunjo wa kati umekula maneno mawili. Pale aliandika "halisomeki", hakukisia, maana neno moja la kubahatisha likigunduliwa, tafsiri nzima hutiliwa shaka. Tarehe aliiacha ilivyo, 12 Rajabu 1339, akaongeza pembeni: Machi 1921. Mipaka aliifuata mmoja mmoja, kibla, matlai, suheli, maghribi, pamoja na majina ya majirani. Dhiraa hakuzigeuza mita. Hiyo ni kazi ya mpimaji.

"Bibi, mnunuzi hapa ni Hamadi bin Juma. Cheti cha marehemu kinasema mjukuu wa Ahmada."

"Ndiye huyo huyo. Mrekebishie tu."

"Siwezi, bibi yangu. Nikigusa jina, nimeiharibu hati. Utakula kiapo mahakamani kuwa ni mtu mmoja, na uende na wazee wawili wanaoujua ukoo."

Akapiga muhuri kila ukurasa, akaambatisha kivuli cha hati, asili akamrudishia mkononi.

"Wazee wapo," Bi Zuhura akasema, akijifunga buibui. "Nampitia wa kwanza sasa hivi, kabla ya alasiri."